Siku Thelathini na Tano

Siku Paskazia aliporipoti kazini, Bi Sabiha Mbaruku alikuwa wa kwanza kumkaribisha na wa mwisho kumpenda. Alimtandikia kitambaa mezani, akampa funguo mbili za kabati, akamwonyesha choo na mahali pa kuchemshia chai. Binti akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mama." Bi Sabiha akaitikia marahaba. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Hakuwa amejiandaa kuamkiwa na mkubwa wake wa kazi.

Ilikuwa Juni ya mwaka tisini na tisa. Shirika lao lilichimba visima na kutengeneza pampu za vijiji, na ofisi yake ya Dodoma ilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na watumishi kumi na sita. Bi Sabiha alikuwa karani wa masijala na utumishi. Kabla ya hapo alifanya kazi hiyohiyo miaka tisa katika shirika la umma, mpaka lilipouzwa na wafanyakazi wakapewa barua za kupunguzwa. Yeye ndiye aliyezichapa barua zile, mia moja na kumi na mbili, ya mwisho ikiwa ya kwake. Alikaa nyumbani miezi saba, kisha akapata nafasi hapa. Kwa hiyo alijua ofisi inavyoishi na inavyokufa, na aliamini hakuna darasa linalofundisha hayo.

Thobias, afisa utumishi wa zamani, alipoondoka mwishoni mwa Februari kwenda kufanya kazi Arusha, Bi Sabiha ndiye aliyekaimu. Karibu miezi minne alisaini fomu za likizo kwa jina lake mwenyewe, na chini yake akaandika neno "Kaimu" kwa herufi ndogondogo. Majirani mtaani kwao walianza kumwita Bi Afisa. Mumewe, Hanifu, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli, alimtania kwamba sasa itabidi aombe miadi ili kuonana naye. Wote waliona ni suala la wakati tu.

Badala yake akaja huyu, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Bukoba, na stashahada yake ya juu ya utawala, na kompyuta iliyotolewa chumba cha uhasibu ikawekwa mezani kwake. Meneja, Mzee Ambokile, Mnyakyusa wa Tukuyu mwenye sauti ya chini, alimwita "mwanangu". Bi Sabiha, kwa miaka yote mitano na ushei, aliitwa Bi Sabiha.

Hakukuwa na ugomvi. Wivu wa Bi Sabiha ulikuwa wa adabu. Alimtengea Paskazia chai, kisha akahesabu vijiko vya sukari alivyotia. Alisikia viatu vyake koridoni, akajua vimenunuliwa wapi. Mtu akiingia na kuuliza, "Afisa yupo?", alijikuta ameinua kichwa kabla hajakumbuka. Na kila Paskazia alipofanya jambo vizuri, Bi Sabiha aliumia zaidi kuliko kama angefanya vibaya.

Mwanzoni mwa Septemba makao makuu Dar es Salaam yalileta barua. Kila ofisi ya mkoa itoe takwimu za utumishi kila mwezi, na kufikia Desemba ofisi ya Dodoma ipunguze nafasi moja. Takwimu ndizo zitakazosaidia kuamua. Mzee Ambokile akampa Paskazia kazi hiyo, akamtaka amletee rasimu ya Agosti kabla ya kikao cha Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Paskazia akaja na orodha ya takwimu kumi na tisa. Bi Sabiha alipoiona alifurahi moyoni. Ndani yake mlikuwa na mambo ya kupima gharama za mafunzo kwa kila kichwa, uwiano wa maafisa na wasio maafisa, na mengine yaliyofaa kiwanda cha watu elfu mbili. Akamrudishia karatasi aipeleke hivyohivyo. Mzee Ambokile naye hakuitaka. Alimwambia Paskazia kwamba ofisi ya watu kumi na sita ikijaza namba kumi na tisa kila mwezi, itahitaji mtu wa kumi na saba wa kuzijaza tu, akachague chache.

Ndipo binti akaja kwenye meza ya Bi Sabiha na kiti chake mkononi.

"Mama, wewe umekaa hapa. Ungeanza na zipi?"

Bi Sabiha alikusudia kusema hajui. Lakini swali la kazi lilikuwa na njia yake ya kumponyoka. Akasema kila namba iulizwe swali moja: ikibadilika, nani atafanya nini? Kama hakuna wa kufanya kitu, isiandikwe. Wakapitia orodha, Paskazia akikata kwa kalamu nyekundu. Zilibaki tano. Watumishi waliopo na nafasi zilizo wazi. Siku za kazi zilizopotea kwa watu kutokuwepo. Siku zinazotumika kujaza nafasi. Walioondoka na sababu zao. Na siku za likizo ambazo kila mtu bado hajazichukua, kwa sababu, alieleza Bi Sabiha, watu wakilimbikiza likizo wataziomba zote Desemba na ofisi itabaki na mlinzi peke yake.

Paskazia aliongeza jambo moja: kwa walioondoka, waandike idadi na si asilimia pekee. Katika watu kumi na sita akiondoka mmoja tu ni zaidi ya asilimia sita, na mtu wa Dar atadhani ofisi inaungua. Bi Sabiha alikubali kwamba ni kweli, na kukubali huko kukamchoma. Jioni ile, akitembea kurudi nyumbani, alisikia majuto kama ya mtu aliyemwazima mwenzake kanga yake nzuri, akaiona imempendeza.

Jumatatu Paskazia alianza kukokotoa. Bi Sabiha alikaa akichapa barua na kumsikiliza. Agosti ilikuwa na siku za kazi ishirini na mbili. Mara watumishi kumi na sita, siku mia tatu hamsini na mbili. Bi Sabiha alingoja ateleze kwenye likizo, maana wengi huteleza hapo, wakamhesabu aliye likizo kuwa mtoro. Hakuteleza. Aliomba fomu za likizo, akaona mbili: Mzee Ambokile mwenyewe siku kumi na mbili alizokwenda Tukuyu, na mhasibu siku kumi. Akazitoa zote ishirini na mbili kwenye hesabu. Siku ambazo watu walipaswa kuwa kazini zikawa mia tatu na thelathini.

Kisha akachukua daftari la mahudhurio, akahesabu nafasi zisizo na saini. Nyingine ishirini na mbili. Akagawanya kwa mia tatu na thelathini, akazidisha kwa mia: asilimia sita na nukta saba.

"Mama, naomba uniangalizie," alisema, akamsogezea karatasi. "Kiwango hiki ni kikubwa kwa ofisi ndogo. Na nusu ya siku zote ni za mtu mmoja. Damas, siku kumi na moja."

Bi Sabiha aliitazama karatasi. Alijua Damas alikuwa wapi. Damas Chilongani, fundi pampu, alikuwa kijiji kimoja nyuma ya Buigiri, akilala kwenye darasa la shule, akiitoa pampu iliyozama na mabomba yake mita arobaini chini. Kuanzia Jumatatu ya tarehe mbili mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Ebenezer, fundi mkuu, ndiye aliyemtuma na kusaini karatasi ya safari. Mkataba wa Ebenezer uliisha mwisho wa Agosti, akarudi kwao Mwanza. Karatasi ile ilikuwa kwenye jalada la kijani, rafu ya pili, hatua nne kutoka alipoketi. Aliyekwenda kazini kijijini hasaini daftari la mjini. Thobias alilijua hilo, na kila mwezi alilinganisha daftari na jalada la safari. Paskazia hakuwa ameambiwa kama jalada hilo lipo.

Alipaswa kusema maneno manne tu. Badala yake aliona kikao cha Ijumaa: karatasi nzuri iliyotoka kwenye kompyuta, na mtu mmoja akisimama kuuliza vipi Damas amekuwa mtoro ilhali alikuwa kisimani. Aliona uso wa Mzee Ambokile ukigeuka kumtafuta mtu anayeijua ofisi.

"Hesabu iko sawa," akasema. Na kwa kweli hesabu ilikuwa sawa.

Hakuwa amefikiria kwamba rasimu ingefika kwa meneja kabla ya kikao. Jumanne Mzee Ambokile aliisoma, akamwita Damas. Mwezi aliosafiri yeye, mtu amekosa nusu ya siku za kazi. Na nafasi moja inatafutwa ya kufutwa. Damas alijieleza. Mzee akasema hamkatalii, ila makao makuu hayapokei maelezo ya mdomo, alete karatasi ya safari kufikia Alhamisi jioni.

Damas alikuja masijala akiwa ameshika kofia. Alikuwa Mgogo wa Nzuguni, mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilipoingia ofisini kilizidi kupungua.

"Mama, ile karatasi ya Ebenezer nilikupa wewe."

"Nitaitafuta," Bi Sabiha akasema.

Damas akashukuru. Hakuuliza kwa nini itafutwe. Alitoka akiwa na imani nzima, na imani hiyo ndiyo iliyomvuruga Bi Sabiha. Angelaumiwa angejitetea. Alikaa akiangalia jalada la kijani, akasema moyoni kwamba atalitoa Ijumaa, kikaoni, mbele ya wote. Damas atasafika na yule binti ataumbuka, ndege wawili kwa jiwe moja. Siku mbili tu. Lakini alikumbuka zile barua mia moja na kumi na mbili. Alikumbuka watu waliozipokea wakiwa wamesimama, wakizisoma mara mbili, na jinsi wachache walivyouliza kama kuna makosa kwenye orodha. Yalikuwepo. Majina mawili yaliingia kwa kukosea, na yalipogunduliwa, orodha ilikwishasainiwa.

Jumatano asubuhi aliingia chumbani kwa Paskazia na jalada lote.

"Anayekwenda kijijini hasaini daftari," alisema. "Tunalinganisha na hizi. Damas alikuwa Buigiri siku zote kumi na moja."

Paskazia alizipekua polepole, akatazama tarehe, saini, mhuri. "Jana yote ulikuwa nazo?"

"Tangu Agosti."

Binti alilifungua daftari la mahudhurio upya. Alivuta kikokotoo. Ishirini na mbili kutoa kumi na moja zikabaki kumi na moja: saba za ugonjwa, tatu za msiba wa mhudumu aliyefiwa na baba yake huko Mkonze, na moja tu isiyo na sababu. Kumi na moja kwa mia tatu na thelathini, asilimia tatu na nukta tatu. Nusu kamili ya ile ya kwanza. Akabadilisha pia kichwa cha safu. Mahali palipoandikwa "utoro" akaandika "kutokuwepo kazini", akazitenga siku za ugonjwa na msiba na ile moja. Aliyelazwa na malaria, alisema, asisomwe na mtu wa Dar kama mtoro.

Bi Sabiha alikuwa amekwishageuka aondoke.

"Mama, kaa kidogo. Na mimi nina kitu kimenikwamisha."

Alimsogezea karatasi nyingine. Ilikuwa ya siku za kujaza nafasi. Kwa mwaka ule nafasi iliyojazwa ilikuwa moja tu, ya afisa utumishi. Paskazia alikuwa amejihesabu mwenyewe. Meneja aliidhinisha kutangaza tarehe nane Machi. Paskazia alikubali kazi tarehe ishirini na nne Mei. Siku sabini na saba. Alieleza kwamba angeweza pia kuanza kuhesabu siku Thobias alipoondoka, au kuishia siku yeye alipoingia ofisini. Kila ofisi ina desturi yake, muhimu ni kuchagua mwanzo mmoja na mwisho mmoja na kutoibadilisha, la sivyo mwezi huu hauwezi kulinganishwa na ujao. Lakini namba peke yake haikuwa inasema kitu, kwa hiyo aliivunja kwa hatua. Tangazo mpaka mwisho wa maombi, siku ishirini na moja. Maombi mpaka usaili, kumi na nne. Usaili mpaka barua ya ajira, nne. Barua mpaka jibu lake, tatu.

"Hizo zote ni arobaini na mbili," alisema. "Idhini mpaka tangazo kutumwa gazetini ni thelathini na tano. Nimetafuta sababu kwenye mafaili, sijaiona. Kama ni gazeti lilichelewesha, tubadilishe gazeti. Nafasi ya Ebenezer iko wazi sasa, sitaki ikae hivyo."

Alikuwa hajui. Bi Sabiha aliuangalia uso wake vizuri, akaona kweli hajui; alikuwa anatafuta mahali bomba linapovuja, basi. Angeweza kusema gazeti. Nani angeulizwa?

"Lilikuwa kwenye droo yangu," akasema.

Akamweleza. Mzee Ambokile alimpa bahasha ya tangazo iliyofungwa, aitume Dar kwa basi. Aliiweka droo ya chini, chini ya karatasi za kaboni. Alidhani wiki moja, mbili, Mzee ataona kazi zinakwenda, atasema aah, ya nini kutangaza. Kila asubuhi aliiona. Tarehe kumi na mbili Aprili Mzee akauliza mbona tangazo halijatoka, Bi Sabiha akaituma siku hiyohiyo na kusema mabasi yalikuwa na matatizo.

Paskazia aliweka mikono juu ya karatasi.

"Mimi wakati ule sikuwa na kazi," alisema. "Nilikuwa kwa shangazi, nasoma magazeti kila siku." Akainyoosha karatasi. "Siwezi kuiondoa thelathini na tano, mama. Ripoti haitaji majina. Lakini Mzee atajua aliiacha kwa nani."

"Nitamwambia mimi."

Alimwambia kabla ya saa sita, akiwa amesimama, ingawa aliambiwa akae. Alitarajia hasira. Mzee Ambokile alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Bahasha hukuifungua?"

"Hapana, mzee."

"Na gazeti lilipotoka, hukulisoma?"

Hakulisoma. Wiki ile lilipofika alilipitisha mezani kama linanuka. Alijua linataka wasomi.

"Niliandika, stashahada ya juu, au uzoefu wa miaka kumi katika kazi za utumishi," Mzee alisema. "Hiyo 'au' nilimwandikia mtu. Nisingeweza kumwambia aombe, ingekuwa upendeleo. Nilingoja barua yake mpaka siku ya mwisho. Haikuja, nikajua hataki."

Bi Sabiha akaelewa kwamba mtu huyo ni yeye. Aliyekuwa akimwonea wivu miezi yote ile hakumnyang'anya kitu. Aliyemnyang'anya alikuwa na funguo za droo. Lakini wala hilo halikumpa nafuu. Alitamani kama lingekuwa kosa la mwingine.

Kikao cha Ijumaa kilichukua nusu saa. Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja, namba tano. Ilipofika kwenye siku sabini na saba, watu walimtazama Bi Sabiha, maana ofisi ya watu kumi na sita haina siri. Paskazia alisema tu kwamba kuanzia sasa tangazo litatumwa ndani ya siku mbili za idhini, na kwamba yeye ndiye atakayeulizwa. Kuhusu nafasi ya kufutwa, Mzee Ambokile aliwaandikia Dar kwamba mafundi wako wachache na hawakosi kazini, na akapendekeza kufuta nafasi ya mpokezi, ambayo ilikuwa haina mtu tangu mwaka uliopita. Damas alikaa nyuma na kofia yake mapajani. Hakuelewa mengi, ila alisikia jina lake likitajwa vizuri.

Barua ya onyo ilitoka Jumatatu, nakala mbili. Moja ya Bi Sabiha, moja ya jalada lake binafsi. Kazi ya kuzihifadhi nyaraka za majalada ilikuwa yake, hakuna mwingine. Alitoboa matundu mawili, akaiweka juu ya barua yake ya kuajiriwa, akaandika namba ya ukurasa kwenye pembe.

Nafasi ya Ebenezer ilijazwa kwa siku arobaini na nne. Tangazo lilitumwa siku ileile ya idhini. Bi Sabiha alilipeleka kituoni mwenyewe, akalisoma kwanza neno kwa neno akiwa amesimama juani. Wivu haukumtoka. Bado ulimjia asubuhi fulani, akisikia vile viatu koridoni, au Mzee akisema "mwanangu" kupitia mlangoni. Alijifunza kuuacha upite, kama mtu anavyongoja vumbi la Dodoma litulie ndipo afungue dirisha.

Mwisho wa Oktoba Paskazia alikuja na daftari la mahudhurio na kiti chake. Bi Sabiha alikwishalitoa jalada la kijani na kuliweka mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Anza na likizo," alisema. "Mwezi huu ziko nne."